Wino wa peni kwenye kanzu nyeupe: yanayosemwa na ukweli wake

Mpwa wangu wa miaka 10 aliingia kwangu na kanzu ya baba yake kwapani. Akaniamkia, "Shikamoo, mjomba," kisha akanyamaza. Nilipoikunjua nikaona doa la buluu kifuani, kubwa kama sarafu, na tone dogo juu yake, kwenye darizi ya shingo. Peni yake ilikuwa imegoma kuandika, akachomoa mrija na kuupuliza kwa nguvu upande wa nyuma. Wino ukaruka hadi kwenye kanzu iliyotandazwa kitandani ikisubiri pasi.

"Umeitia maji?" nikamuuliza.

"Bado. Dada kaniambia niimwagie ya moto, nikaogopa."

Kuogopa huko ndiko kulikoiokoa kanzu. Mimi ni dobi, na nguo nyingi zenye wino hunifikia zikiwa zimeshaharibiwa zaidi na juhudi za kuzisafisha kuliko na wino wenyewe.

Dhana: doa la wino hukimbizwa na maji ya moto.
Wino wa peni hizi zenye gololi nchani ni rangi iliyomo ndani ya kimiminika kizito kinachonata, kisichopatana na maji. Ukiloweka, rangi haitoki. Joto nalo huisaidia kupenya ndani zaidi ya nyuzi, na pasi ikishapita juu yake, kazi huwa ngumu mara kumi. Kinachoyeyusha wino huu ni spiriti, ile ya asilimia 70 inayosafishia ngozi kabla ya sindano.

Kwanza nilimwonyesha kuijaribu kwenye upindo wa ndani, mahali pasipoonekana. Tukasubiri kidogo. Kitambaa hakikubadilika, wala uzi wa darizi haukuchuja rangi. Tukafungua dirisha na kuhakikisha hakuna moto karibu, maana spiriti hushika moto upesi. Kisha tukakunja taulo kuukuu jeupe, tukaliweka chini ya doa, ndani ya kanzu, ili wino usihamie mgongoni.

Akachukua pamba yenye spiriti na kuanza kusugua kwa hasira. Nikamshika mkono.

Dhana: ukisugua kwa nguvu ndiyo linatoka.
Kusugua hutawanya. Doa la sarafu huwa doa la kiganja, na nyuzi za pamba hufumuka zikabaki na manyoya. Inatakiwa kugandamiza na kuinua, ukianzia ukingoni kuelekea katikati. Alipofanya hivyo, pamba ikanyanyuka ikiwa ya buluu, na taulo chini likapata alama ya buluu pia. Hapo ndipo alipoelewa: wino haufutiki, unahama. Kwa hiyo lazima uupe mahali safi pa kuhamia. Kila pamba ilipochafuka tuliitupa, na kila mara tulisogeza taulo. Tulitumia pamba kumi na kitu. Ilipofika pamba iliyoinuka nyeupe, tukapaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tukaiacha dakika 10, tukasuuza kwa maji baridi.

Wino wa chupa, wa kalamu za kuchovya au kujaza, una njia nyingine. Mwingi una asili ya maji, basi huo huanza na maji baridi na sabuni. Ukiwa ni ule mweusi wa masizi, mara nyingi hautoki kabisa ukishakauka, na ni vizuri mwenye nguo aambiwe mapema.

Dhana: nguo ni nyeupe, tia blichi tu.
Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu mtu huifanya kwa nia njema. Blichi ya klorini haiyeyushi ule mnato wa wino. Mara nyingi hubadilisha rangi yake tu, ukaachiwa baka la manjano. Darizi ikiwa ya hariri, blichi huila: uzi hugeuka njano, hudhoofika, kisha hukatika. Zaidi ya nguo, blichi ikikutana na spiriti hutoa mvuke wa sumu. Nilimwambia hilo mara mbili: spiriti ikishagusa nguo, blichi isisogee.

Kabla ya kuianika niliinua kanzu mbele ya dirisha. Kifuani palikuwa safi. Kwenye darizi kulikuwa na kivuli hafifu, kwa kuwa uzi uliosokotwa kwa kubana huficha wino kati ya mizunguko yake. Tukarudia hapo kwa kijiti chenye pamba nchani, tone kwa tone. Kikapungua, hakikuisha. Tukaianika kivulini bila kuipiga pasi, ili kama doa lingejitokeza tena nguo ikikauka, bado tungeweza kulitibu.

Jioni shemeji alikuja mwenyewe kuichukua. Akaitazama shingo, akaileta karibu na macho.

"Hapa pana nini?"

Mpwa wangu akasogea mbele kabla sijafungua mdomo. "Ni wino, baba. Nilikuwa napuliza peni."