Mfuko Ulioandikwa "Rafiki wa Mazingira" ni wa Nini Hasa?

"Mfuko niliouziwa soko la Kilombero hapa Arusha umeandikwa 'rafiki wa mazingira' na 'endelevu'. Nitajuaje kama ni kweli, au mtengenezaji anajipaka kijani tu?"

Anza na mfuko wenyewe, maandishi baadaye. Wengi huuita wa kitambaa, kumbe ni plastiki. Mifuko mbadala iliyojaa masokoni tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019 kwa kawaida ni polipropilini, plastiki ileile ya viroba vya unga. Haifumwi. Plastiki huyeyushwa, ikavutwa kuwa nyuzi nyembamba, zikatandazwa ovyo, kisha zikapitishwa kwenye rola za moto zinazozigandisha, kama sufi iliyopigwa pasi. Vile vidoti vilivyobonyea mfuko mzima ndipo rola zilipouma. Ukivutia nje uzi mmoja na kuuchoma kwa kiberiti, utayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Wa pamba ungebaki majivu.

Plastiki si kosa, mradi mfuko udumu. Ndiyo maana kiwango cha chini nchini ni gramu 70 kwa mita ya mraba. Mfuko bapa wa sentimita 30 kwa 40 una pande mbili, jumla mita ya mraba 0.24, kwa hiyo usipungue gramu 17 hivi, bila mishikio. Ukiwa na gramu 9 kwenye mizani ya jikoni, utachanika mapema, hata ungeandikwa nini.

Na kudumu ndiko kila kitu. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulikokotoa mwaka 2011 kwamba mfuko wa aina hii unahitaji kutumika mara 11 ndipo ulingane, kwa gesi zinazopasha dunia joto, na rambo moja iliyotumika mara moja. Wa pamba, mara 131! Hesabu hiyo ni ya Uingereza, tena haigusi mifuko inayoziba mitaro, ambayo ndiyo kero yetu kubwa zaidi.

Sasa maandishi. Kiwango cha kimataifa ISO 14021, kinachohusu madai ambayo mtengenezaji huyatoa mwenyewe, kinakataa maneno ya jumla kama "rafiki wa mazingira", na hakiruhusu kabisa kudai uendelevu. Kwa hiyo "endelevu" tupu, pembeni ya jani la kijani, haina uzito. "Polipropilini, gramu 80 kwa mita ya mraba, hutumika tena" inapimika.

Dai lenye mashiko hutaja kilichopimwa na aliyekagua. Alama ya Kilimohai kwenye pakiti ya kahawa, mfano, inarejea kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, na shamba lazima likaguliwe. Ila inazungumzia kahawa yenyewe, jinsi ilivyolimwa na kusindikwa. Pakiti yenyewe inaweza kuwa plastiki iliyobandikwa karatasi ya alumini, na alama hiyo haithibitishi kwamba pakiti nayo haidhuru mazingira.