Chien na Kun sio mume na mke tu

"Kwenye Yi Ching, kitabu cha kale cha Kichina cha kupiga ramli, si alama ya Chien ni mume anayeamuru, Kun mke anayetii?"

Hapana. Maandishi ya zamani ya Kun, ile alama yenye mistari sita iliyokatika, yanaongelea farasi jike na safari, ndoa haimo. Habari ya mke ililetwa na wafafanuzi wa baadaye, na hao hao wakasema Kun ni njia ya waziri pia, yaani mwanaume bosi nyumbani akifika kwa mfalme anakuwa Kun. Afu cheki alama namba 12, mbingu, yaani Chien, iko juu na ardhi, yaani Kun, iko chini, maana yake mambo kuziba! Namba 11 ardhi iko juu, ndo amani. Na namba 31, inayosema kuoa ni heri, wafafanuzi wanaeleza mwanaume anajishusha chini ya mwanamke.