Je, Shajara ya Tafakuri Huandikwaje Baada ya Kipindi?

"Kila siku najaza 'somo limeeleweka' kwenye andalio la somo, lakini makosa ya wanafunzi ni yale yale. Hiyo shajara ya tafakuri inaandikwaje?"

Chukua kosa moja tu, usiandike kipindi kizima. Kisha ulipitishe kwenye mzunguko ambao Graham Gibbs wa Oxford, Uingereza, aliutoa mwaka 1988: maelezo, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango. Faida yake iko kwenye mpangilio, kwa sababu huruhusiwi kuhukumu kabla hujaeleza kilichotokea. "Somo limeeleweka" ni hukumu isiyo na maelezo nyuma yake.

Tuseme umefundisha kujumlisha sehemu Darasa la Tano. Shajara yaweza kuanza hivi:

"Nilitoa 1/2 + 1/3. Kati ya madaftari 48, 19 yana jibu 2/5. Niliudhika nikapaza sauti. Mikono iliyokuwa juu ikashuka. Jana 1/5 + 2/5 waliipata karibu wote. Wamekwama asili zilipotofautiana."

Hapo umemaliza maelezo, hisia na tathmini, na sentensi chache zimetosha. Ile ya hisia usiiruke: inakukumbusha kwamba baada ya kupaza sauti hukupata tena maswali yao, kwa hiyo ushahidi uliobaki ni madaftari.

Uchambuzi ndipo wengi tunapoteleza. Tunaandika "hawakuwa makini", na kesho hatuna cha kubadilisha. Jipime hivi: je, sababu uliyoandika inataja jambo ulilolisema au kulifanya wewe? Kama haitaji, rudi kwenye daftari lenye kosa uulize mtoto alifikaje pale.

"Jana mifano yangu yote ilikuwa na asili moja, nami nikarudia, 'Jumlisha juu, chini acha.' Sikueleza kwa nini chini huachwa. Leo chini kulikuwa na namba mbili tofauti, wakazijumlisha nazo. Hakuna aliyeshtuka kwamba 2/5 ni ndogo kuliko 1/2 tuliyoanzia."

Sasa hitimisho linakuja lenyewe: niliwapa kanuni kabla ya maana. Mpango nao uwe na siku, tendo na njia ya kupima. "Nitaboresha mbinu" si mpango.

Hatua sita kwa kila kipindi zitakuchosha, na ukichoka utaanza kuzijaza kama fomu. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha, siku hiyo hiyo, maneno ya wanafunzi yakiwa bado masikioni. Siku nyingine jiulize matatu tu: nini kilitokea, kina maana gani, sasa nifanye nini?

Mpango wa mwalimu wetu ni huu:

"Jumatano, dakika 10 za mwanzo, kila wawili wakunje ukanda wa karatasi upate sehemu sita sawa, wapake rangi nusu, kisha theluthi, wahesabu: 5/6. Mwishoni swali moja, 1/4 + 1/2. Nihesabu madaftari yenye 2/6."