Breki kali na joto la diski

"Nikibana breki maradufu, gurudumu la boda litasimama kwa nusu ya muda. Basi diski itapata nusu ya joto?"

Muda ndiyo, joto hapana. Chukua gurudumu lililoinuliwa kwenye stendi ya gereji Kampala, injini imezimwa: momenti ya inesha, yaani kipimo cha ugumu wa kubadili mzunguko wake, ni 0.5 kg·m², na kasi ni radiani 40 kwa sekunde. Nishati mwendo yake ni ½ × 0.5 × 40² = jouli 400. Pedi zikitoa momenti ya msuguano ya N·m 8, linasimama baada ya sekunde 2.5; zikitoa 16, sekunde 1.25. Mara zote mbili, takriban jouli zote 400 zinageuka joto kwenye diski na pedi. Ila ukibana maradufu zinaingia haraka maradufu, hewa haiwahi kuipoza diski, na uso wake hupata moto zaidi.