Si kila uvimbe wa kizazi unazuia mimba: uliza umekaa wapi

Kila mwaka hela za korosho zikishalipwa, kliniki yetu hapa Mtwara hujaa kina mama kutoka Tandahimba, Newala, Masasi na hata ng'ambo ya Lindi, wameshika bahasha ya ultrasaundi. Maneno yao ni yale yale: "Dokta, nina uvimbe kwenye kizazi, naomba uutoe nipate mtoto." Wengi wamekuja na fedha ya upasuaji imefungwa kwenye kanga. Nyumbani wameshaambiwa kwamba uvimbe ukitoka, mimba inaingia. Nikisema tupime kwanza, wananiona nawazungusha. Kwa hiyo leo naandika, maana nimechoka kulieleza jambo hili dakika kumi kumi mlangoni.

Dhana: "Uvimbe umeonekana, basi ndio unaozuia mimba. Na ukiwa mkubwa ndio hatari zaidi."

Fibroidi ni uvimbe wa misuli ya kizazi, si saratani. Wanawake wengi mno wanao. Wanaofika miaka 50 bila kuwahi kuwa nao ni wachache, na sisi wanawake weusi tunaupata mapema zaidi na mara nyingi vikiwa vingi. Wapo waliozaa watoto watano huku uvimbe umo humo humo, hawajui mpaka siku wapimwe kwa jambo lingine. Kuonekana kwa uvimbe kwenye picha hakutoshi kuuhukumu.

Kinachoamua ni mahali ulipokaa. Kizazi kina chumba cha ndani ambamo mimba hujishikiza, kina ukuta mnene wa misuli, na kina ngozi ya nje. Uvimbe unaochomoza ndani ya chumba ndio wenye kosa kubwa. Unaharibu umbo la chumba, unavuruga utando ambao mimba changa inapaswa kujishikiza, na mimba ikishika unaongeza uwezekano wa kutoka. Huo unaweza kuwa na sentimita 2 tu, ukubwa wa korosho moja iliyobanguliwa, na ukatosha kumzuia mtu. Dalili yake mara nyingi ni hedhi nzito yenye mabonge, siku nyingi, mpaka damu inapungua mwilini na mtu anapanda ngazi akihema.

Uvimbe uliokaa nje ya kizazi, hata ukiwa na sentimita 8 au 9, kwa kawaida hauhusiki kabisa na kushika mimba. Unaweza kukubana kibofu ukakojoa kila saa, unaweza kukufanya watu wakuulize umefikisha miezi mingapi, lakini chumba cha ndani uko mbali nacho. Uliofichwa katikati ya ukuta ndio wenye ubishi. Ukiwa mdogo na haugusi chumba tunauacha. Ukiwa mkubwa, tuseme unazidi sentimita 4 au 5, au umesukuma chumba kikapinda, unaweza kupunguza nafasi ya mimba, na hapo tunakaa chini na mume na mke tukapima faida na hasara. Kuna pia ule unaoota kwenye kona ya kizazi, pale mrija wa uzazi unapoingilia, ukaubana mrija.

Ndiyo maana karatasi iliyoandikwa "fibroidi sentimita 6" na basi, kwangu ni nusu ya taarifa. Mrudie aliyekupima umuulize: uko ndani ya chumba, kwenye ukuta, au nje? Chumba kimepinda au kimenyooka? Ikiwa picha ya tumboni haioneshi vizuri, kuna ultrasaundi ya ukeni, na kuna ile ya kuingiza maji safi ya chumvi kidogo ndani ya kizazi ili chumba kijitanue na uvimbe ujioneshe.

Nitaeleza mgonjwa mmoja, nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Ana miaka 33, ameolewa miaka minne, hajawahi kushika mimba. Karatasi yake ilisema uvimbe wa sentimita 8. Alikuja na mama mkwe, na mama mkwe ndiye aliyekuwa akizungumza. Nilimwomba mama atusubiri nje, nikamuuliza yule dada maswali ambayo hakuna aliyemuuliza kabla. Hedhi inauma tangu lini? Tangu ana miaka 15, siku mbili za kwanza halali. Tendo la ndoa linauma ndani kabisa? Ndiyo, alidhani kila mke ndivyo alivyo. Haja kubwa siku za hedhi? Inauma kama inakatwa. Hedhi nzito? Hapana, ya kawaida, siku nne.

Hapo uvimbe ulishaanza kutoka kwenye orodha ya washukiwa wangu. Uvimbe wa chumbani ungemletea damu nyingi, na damu yake haikuwa nyingi. Maumivu ya namna ile, yanayopanda na kushuka na hedhi na kufika mpaka kwenye haja kubwa, yanaelekeza kwenye endometriosisi: vipande vya tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi vinaota nje yake, kwenye vifuko vya mayai, nyuma ya kizazi, hata juu ya utumbo. Hedhi ikija navyo vinavuja. Damu ile haina pa kutokea, inachoma na kuvimbisha, na baada ya miaka viungo vinashikana.

Ultrasaundi ya ukeni ilionesha kwamba uvimbe wa sentimita 8 umekaa nje kabisa, juu ya kizazi, na chumba kimenyooka. Ilionesha pia kitu ambacho karatasi ya kwanza haikutaja: kwenye kifuko cha mayai cha kushoto kulikuwa na kijifuko cha sentimita 4 chenye damu ya zamani. Tukapiga eksirei ya mirija, ile ya kuingiza dawa inayong'aa. Mrija wa kulia ulipitisha dawa, wa kushoto ulikuwa umeziba mwishoni. Mume naye alipimwa mbegu, zikawa sawa.

Sasa fikiria angefunguliwa tumbo kuondoa ule uvimbe kama alivyoomba. Kuondoa fibroidi si kung'oa jino. Kizazi kina damu nyingi, wengine huongezewa damu. Kidonda cha kizazi kikipona, viungo vya jirani vinaweza kugandana nacho, na mirija ikagandana humo humo, kwa hiyo unaweza kuingia na mrija mmoja mzima ukatoka huna hata mmoja. Baada ya upasuaji tunamwambia mtu asubiri miezi 3 hadi 6 kabla ya kutafuta mimba, na kama ukuta ulikatwa kwa kina, mara nyingi atazaa kwa upasuaji, maana kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu. Yote hayo kwa uvimbe ambao haukuwa umemkosea. Ugonjwa wenyewe ungebaki pale pale.

Tulimpa rufaa Dar es Salaam akafanyiwa upasuaji wa matundu madogo. Walikuta kifuko cha kushoto kimegandana na nyuma ya kizazi. Wakakiachanisha, wakaondoa kijifuko, wakachoma vipande vilivyoonekana. Uvimbe wakauacha. Nilimweleza kabla hajasafiri kwamba kuondoa kijifuko kunaweza kupunguza akiba ya mayai upande ule, na akakubali akijua. Maumivu yamepungua sana. Mimba bado hajashika, na sikumwahidi. Makubaliano yetu ni kujaribu mpaka mwaka mmoja tangu upasuaji, na ikishindikana tuzungumze kurutubisha yai nje ya mwili, ambako nako gharama yake ni kubwa na hakuna uhakika.

Kama uvimbe wake ungekuwa ndani ya chumba, ningekuwa wa kwanza kumwambia autoe. Huo unaweza kuondolewa kwa kamera inayopitishwa ukeni, bila kuchana tumbo, na ndio ambao kuuondoa kunasaidia kweli.

Dhana: "Ultrasaundi imetoka safi, basi hakuna endometriosisi."

Ultrasaundi inaona vijifuko vya damu kwenye vifuko vya mayai. Vipande vidogo vilivyotapakaa juu ya viungo mara nyingi haivioni. Mwanamke anaweza kuwa na picha safi, anagaagaa sakafuni kila mwezi, na ugonjwa upo. Tabibu anayekuambia "picha iko sawa, nenda kanywe panadoli" baada ya miaka kumi ya maumivu hajakusikiliza, tafuta mwingine.

Dhana: "Maumivu ni ya kawaida, ukizaa yataisha."

Wasichana wetu wanafundwa kuvumilia, na kuna mengi mazuri wanayofundishwa. Hili naomba makungwi walitazame upya. Hedhi kuuma kidogo ni sawa. Hedhi inayomkosesha binti shule kila mwezi si sawa. Mimba huweza kutuliza maumivu ya endometriosisi kwa muda kwa sababu hedhi imesimama, kisha mara nyingi yanarudi. Na kumwambia azae mtu ambaye ugonjwa wenyewe unamfanya asishike mimba ni kumwongezea uchungu.

Dhana: "Nilipewa vidonge vya endometriosisi, vitanisaidia kushika mimba."

Vidonge vya homoni vinatuliza maumivu kwa kuzuia yai lisipevuke. Ukivinywa hushiki mimba. Waliopewa bila kuambiwa hivyo ni wengi. Sindano za kusinyaza fibroidi nazo ni hivyo hivyo: zinatumika kwa miezi michache kabla ya upasuaji, na ukiziacha uvimbe unarudi.

Dhana: "Uvimbe umeletwa na sindano za uzazi wa mpango."

Haziuleti. Zinachofanya ni kuchelewesha: baada ya sindano ya mwisho ya miezi mitatu, kwa kawaida hupita karibu miezi 10 ndipo mimba ishike, na kwa wengine zaidi.

Dhana: "Ni chango, kuna dawa ya kuyeyusha."

Hakuna mzizi, mvuke wala kidonge cha kuweka ukeni kinachoyeyusha fibroidi. Ule uchafu unaotoka na kuoneshwa kama uvimbe ni ukuta wa uke uliochomwa na dawa. Nimewatibu wenye vidonda na usaha humo, na usaha ukipanda unaziba mirija, tatizo ambalo mtu hakuwa nalo alipoanza dawa. Hili silivumilii hata kidogo.

Ukiwa chini ya miaka 35 na mmetafuta mimba mwaka mzima, njoo. Ukiwa na 35 au zaidi, au una maumivu kama ya yule dada, usingoje zaidi ya miezi 6. Njoo na mumeo siku hiyo hiyo, naye akae siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu, kwa sababu katika karibu nusu ya wanandoa wasiopata mimba mwanamume naye ana sehemu yake. Leta picha zote za zamani pamoja na maelezo yake. Leta tarehe za hedhi za miezi mitatu, na kando ya kila tarehe andika damu ilikuwa kiasi gani na maumivu yalikuwa wapi. Eksirei ya mirija hupigwa damu ikishakata na kabla ya yai kupevuka, kama siku ya 7 hadi ya 11 ukihesabu tangu hedhi ilipoanza, na usikutane na mumeo tangu hedhi ianze mpaka ipigwe. Ukitoka mbali kama Nanyumbu au Liwale, panga safari kwa kuhesabu siku hizo, usije ukalazimika kurudi mwezi mwingine.