Namba ya NIDA haina kazi kwenye invoisi ya mgeni

Ninaandaa hesabu za nyumba kadhaa za wageni hapa Tanga, na kuna jambo linanikera sana. Mtu wa mapokezi akishaandika kitambulisho cha mgeni kwenye daftari la wageni, namba hiyohiyo anaihamishia kwenye invoisi. Daftari linabaki kaunta. Invoisi inasafiri: inapita kwa mhasibu wa kampuni, kwa mkaguzi, kwenye WhatsApp, na mara nyingi steshenari, ambako faili linabaki kwenye kompyuta ya watu hata baada ya kuprintiwa.

Tuseme kampuni ya Dar inamlipia fundi wake aliyelala Raskazone siku 3 kwa shilingi 60,000 kwa siku. Andika jina la kampuni, anwani na TIN yake, na VRN kama imesajiliwa VAT. Kisha tarehe, siku 3, jumla 180,000 na kodi yake. Kwa upande wa fundi, jina linatosha, ili mwajiri ajue analipia nani. Simu yake na NIDA hazimsaidii mhasibu kulipa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inataka tuchukue taarifa zinazohitajika kwa kusudi lililopo, basi.

TIN na VRN za kampuni usizifiche kwenye invoisi halisi, maana mteja anazihitaji anapodai VAT aliyolipa. Zifiche kwenye nakala inayokwenda kwa mtu wa tatu, kwa mfano benki inapotaka kuona mauzo yako unapoomba mkopo.

Kama invoisi za zamani tayari zina NIDA, angalia unaficha upande gani. Wengi hufuta tarakimu za mwisho na kuacha za mwanzo, hivi:

```
19870614-*****-*****-**
```

Hapo hujaficha kitu cha maana. Tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: huyu kazaliwa Juni 14, 1987. Ficha kuanzia mwanzo, uache 4 za mwisho tu, zinatosha kulinganisha na daftari:

```
********-*****-***03-27
```

Kosa la pili ni kuchora boksi jeusi juu ya namba kwenye Word, kisha kutoa PDF. Boksi linafunika macho tu; maandishi yapo palepale chini yake. Kujua ni rahisi: fungua PDF, buruta kipanya juu ya boksi, nakili, kisha bandika kwenye Notepad. Namba ikitokea, faili hilo usilitume. Rudi kwenye nakala ya Word, futa namba yenyewe, weka nyota, toa PDF upya na urudie jaribio. Invoisi halisi ibaki kwenye folda yenye nywila, kwa sababu TRA wakija kukagua watataka kuona ile isiyoguswa.