Kaua akiwa anaumwa akili: mahakama inamfanyaje? Maswali na majibu

Kaka yangu ana skizofrenia, aliacha kwenda kuchoma sindano zake miezi kadhaa, akaanza kuongea peke yake, mwisho akampiga mama mdogo kwa mpini wa jembe akafa. Tuko Singida. Watu wanatuambia msihangaike ataachiwa kwa sababu ni mgonjwa. Ni kweli?

Poleni sana, maana hapo mmefiwa na bado mna mtu mahabusu. Jibu ni hapana, sio rahisi hivyo, na wanaowaambia hivyo wamechanganya vitu viwili. Kesi kama hii mahakama inajiuliza maswali mawili yenye muda tofauti. La kwanza ni la leo: huyu aliyesimama kizimbani sasa hivi, akili yake inamruhusu kujitetea? La pili ni la siku ile ya tukio: wakati anainua ule mpini, ugonjwa ulikuwa umemshika kiasi gani? Mtu anaweza kuwa mzima leo na alikuwa hoi siku ile, au kinyume chake, alikuwa mzima siku ile akaja kuumwa akiwa mahabusu, na kila hali ina njia yake.

Kadi ya kliniki peke yake haimtoi mtu. Kwa Tanzania kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu kinaanza na dhana kwamba kila mtu ana akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo, na anayetakiwa kuonyesha vinginevyo ni upande wa mshtakiwa. Ila hatakiwi kuthibitisha bila kuacha shaka kama upande wa mashtaka unavyotakiwa, inatosha ionekane uwezekano kwamba hakuwa na akili timamu ni mkubwa kuliko kwamba alikuwa nayo.

Hiyo ya "hawezi kushtakiwa kwa sasa" ikoje? Mbona mtu akiongea na hakimu vizuri tu wanasema hana uwezo?

Hapa hawaangalii kama anajua jina lake na siku ya leo. Wanaangalia kama anaelewa ameshtakiwa kwa kosa gani, kama anaelewa tofauti ya kukubali na kukataa kosa, kama anaweza kufuatilia shahidi anachosema akamnong'oneza wakili wake "huyu anadanganya, hakuwepo", na kama anaweza kueleza upande wake. Mtu anaweza kusalimia vizuri kabisa, shikamoo mheshimiwa, halafu anaamini wakili aliyepewa ametumwa na maadui zake, hamwambii kitu. Huyo hawezi kujitetea hata kama kiswahili chake kimenyooka.

Na kinyume chake kipo. Kuna mgonjwa bado anasikia sauti lakini anajua ni za ugonjwa, anaelewa mashtaka, anaongea na wakili, huyo kesi inaendelea, maana hapa hakuna anayeuliza kama amepona. Hata mtu kutokumbuka tukio, peke yake, kwa kawaida hakutoshi kusema hawezi kujitetea.

Akionekana hawezi, kesi inasimama, haifutwi. Mshtakiwa anapelekwa kutibiwa na akishapata nafuu kiasi cha kujitetea anarudishwa, inaendelea. Ndo maana ndugu wengine wanashangaa walishangilia kesi kusimama halafu baada ya muda mtu wao anaitwa tena kizimbani.

Na ile ya siku ya tukio wanaipimaje? Daktari hakuwepo.

Hakuwepo kweli, kwa hiyo kazi yake ni kama ya mpelelezi. Sheria, kifungu cha 13, inataka kwanza kuwe na ugonjwa ulioathiri akili, halafu ugonjwa huo uwe umesababisha mojawapo ya mambo matatu: hakuwa na uwezo wa kuelewa anachofanya, au hakuwa na uwezo wa kujua kwamba hapaswi kukifanya, au hakuwa na udhibiti wa kitendo chake. Mawili ya mwanzo yametokana na kesi ya M'Naghten ya London, 1843, yule aliyemuua katibu wa waziri mkuu akiamini chama tawala kinamwinda. Hilo la tatu la udhibiti sheria yetu imeongeza, kanuni za M'Naghten hazina.

Tuchukue huyo kaka wa swali la kwanza, na niseme wazi sehemu hii nadhania tu ili ieleweke. Tuseme alijua anampiga mtu, na kwamba mtu huyo ni mama mdogo. Hapo lile la kwanza limeanguka. Lakini tuseme siku tatu alikuwa hapati usingizi, anawaambia majirani kuna sauti inamwambia mama mdogo atawamaliza wote usiku huu, na baada ya kupiga akakaa pale pale mlangoni akawaita watu akisema sasa mko salama. Hiyo ni picha ya mtu aliyeamini anafanya jambo sahihi, na hapo lile la pili linaanza kusimama. Sasa geuza: alipiga, akafukia mpini shambani, akabadilisha shati, akapanda basi la kwenda Dodoma. Ugonjwa ni ule ule na kadi ni ile ile, lakini mwendesha mashtaka atauliza kama hakujua ni kosa alikuwa anaficha nini, na ana haki ya kuuliza. Kifungu hicho hicho kinasema mtu mwenye ugonjwa bado anaweza kuwajibika kama ugonjwa haukuleta mojawapo ya hayo matatu.

Hiyo siku 42 tunayoisikia ni ya nini?

Utetezi huu wa ukichaa ukiibuliwa, mahakama inaweza kuamuru mshtakiwa akae hospitali ya akili achunguzwe, na daktari msimamizi anatakiwa apeleke ripoti ya maandishi ndani ya siku 42, iko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kwetu wanaojulikana kwa kazi hii ni taasisi ya Isanga, iliyo chini ya hospitali ya akili ya Mirembe pale Dodoma.

Ripoti ikisema "mgonjwa ana skizofrenia" ikaishia hapo haijafanya kazi yake. Inatakiwa iseme kuhusu wakati wa tendo. Daktari atamhoji zaidi ya mara moja, atasoma maelezo ya polisi na ya mashahidi, atatafuta faili la kliniki, ataongea na ndugu, na manesi wanaandika anavyolala, anavyokula, anavyokaa na wenzake. Shida kubwa ni muda. Kesi za mauaji zinachelewa, mtu anafika Isanga muda mrefu baada ya tukio akiwa tayari ametulizwa na dawa, anaongea kama mimi na wewe, na kila mtu mahakamani anasema "mbona mzima huyu". Uzima wa leo hausemi chochote kuhusu usiku ule.

Halafu ripoti haimfungi jaji. Jaji akiwa na sababu za msingi anaweza kuikataa, kwa sababu mwisho wa siku ni ushahidi kama ushahidi mwingine.

Si mtu anajifanya tu kichaa aokoke?

Wapo wanaojaribu, na wengi hawafiki mbali. Anayeigiza huwa anazidisha, kila dalili anayo, ukimuuliza kitu cha ajabu anakubali tu. Anajibu moja jumlisha moja ni tano makusudi. Anaona majoka mchana daktari akiwepo, usiku analala fofofo anaamka anadai chai. Kuigiza dakika ishirini ni rahisi, kuigiza wiki nzima mbele ya manesi wa zamu tatu ni kazi ngumu sana. Mgonjwa wa kweli mara nyingi anafanya kinyume, anaficha dalili, anakwambia siumwi, ndugu zangu ndo wagonjwa.

Mtu anasema aliua kwa sababu aliyemuua alimloga. Hiyo ni ukichaa au sio?

Swali zuri na kwa huku kwetu ndilo gumu kuliko yote. Kuamini uchawi peke yake sio ugonjwa, mtaa mzima unaweza kuwa unaamini, na mtu aliyekwenda kwa mganga akatajiwa jina la bibi kisha akakodi vijana wamuue, huyo kapanga, akili yake inafanya kazi. Daktari anatafuta pale imani inapoachana na ya wenzake. Anaangalia ilianza lini, iliingia ghafla pamoja na kukosa usingizi na sauti, na je hata ndugu wanaoamini uchawi walishangaa wakamwambia wewe haya ya kusema bibi kakuwekea redio tumboni umeyatoa wapi. Wale ndugu wakisema "hapana hii sio kawaida yetu" ni ushahidi mzito sana.

Na aliyefanya akiwa amevuta bangi au amelewa?

Kulewa kwa hiari yako sio utetezi wa ukichaa. Kifungu cha 14 kina milango midogo, mfano umewekewa kitu kwenye kinywaji bila kujua, au ulevi umekufikisha kwenye ukichaa kabisa kwa wakati ule. Mgonjwa wa skizofrenia ambaye pia anavuta ndo kesi zinazobishaniwa, na daktari ataangalia kama ana historia ya kuugua vipindi ambavyo hakuvuta.

Akishinda huo utetezi anarudi nyumbani?

Harudi. Mahakama inatamka kwamba alitenda lakini hana hatia kwa sababu ya ukichaa, inapeleka taarifa kwa Waziri, na wakati huo huo anawekwa hospitali ya akili, gerezani au sehemu nyingine inayofaa. Hana miaka aliyohukumiwa, kwa hiyo hana tarehe ya kutoka, anatoka hali yake ikiruhusu na amri ikitolewa. Kwa kosa dogo mtu anaweza kukaa muda mrefu kuliko kifungo ambacho angepewa angekubali kosa, ndo maana wakili makini hachukui utetezi huu hovyo hata kama mteja anaumwa kweli. Kenya wao walirithi tamko la "ana hatia lakini kichaa" na kukaa kizuizini hadi Rais aamue, na Mahakama Kuu yao imeshasema kwenye hukumu kadhaa kwamba kumweka mtu bila kikomo hivyo kunakiuka katiba.

Sisi ndugu tufanye nini sasa hivi?

Mwambieni wakili mapema, maana utetezi unatakiwa uibuliwe pale mshtakiwa anaposomewa mashtaka na kuulizwa anajibu nini, sio baada ya mashahidi kumaliza. Tafuteni kadi ya kliniki na tarehe za sindano alizokosa, ombeni muhtasari wa faili kule alikotibiwa. Andikeni majina ya majirani waliomwona wiki ile ya mwisho na walichokiona hasa, "alikuwa anachimba shimo usiku anasema anazika sauti" ina uzito kuliko "alikuwa kichaa". Na mpelekeeni uongozi wa gereza taarifa ya dawa zake kwa maandishi, akizikosa mahabusu anaweza kufika mahakamani hali imerudi, na hapo kesi itasimama kabla hata haijaanza.